Paka wa Ghala Asilale Njaa

Wauza nafaka wengi humnyima paka chakula ili awinde. Hapo wanajipunja. Paka huwinda hata akiwa ameshiba. Mwenye njaa ndiye anayehamia majalalani. Mpe dagaa kidogo na maji safi kila jioni, humo humo ghalani, naye hatabanduka. Usimtarajie ammalize panya buku mzima, maana huyo huwashinda paka wengi. Kazi yake ni panya wadogo na vitoto.

Hatari kubwa ni sumu. Akila panya aliyekula sumu ya kuzuia damu kuganda, naye huweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Ukimwona amelegea na fizi zimepauka, mkimbize kwa daktari wa mifugo. Vitamini K1 huweza kumwokoa akiwahiwa. Ukishafuga paka, acha kutega sumu.