Kazi Nzuri Hutangazwa?

Je, ni kweli kazi nzuri hazitangazwi?

Kwa kampuni binafsi, nyingine hujazwa kwa kupendekezana, na hakuna sheria moja inayozilazimisha zote kutangaza. Serikalini Tanzania mambo ni tofauti. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutangaza nafasi kwenye portal.ajira.go.tz, za madaktari, wahandisi na wahasibu zikiwamo.

Mbona jirani yangu aliitwa kazini bila tangazo jipya?

Hapa ndipo uvumi unapoota. Tuseme nafasi za mhasibu zilikuwa tatu, na watu wanane wakafaulu usaili. Watatu wa kwanza hupangiwa vituo; waliobaki huhifadhiwa kwenye kanzidata. Taasisi nyingine ikihitaji mhasibu, mmoja wao anaweza kupangiwa bila usaili mwingine. Mtaani ataonekana kabebwa, kumbe tangazo lilikuwapo na alilijibu. Kwa hiyo usiache kuomba kwa sababu nafasi ni chache.

Nimeomba mara nyingi, siitwi. Si upendeleo huo?

Upendeleo upo nchini, sitaukana. Lakini soma kwanza masharti ya tangazo, kisha fungua maombi yako. Barua haina sahihi? Umeweka karatasi ya matokeo badala ya cheti chenyewe? Jina la cheti cha kuzaliwa halilingani na la shule? Hayo yanaweza kukuondoa, hata uwe na alama za juu kiasi gani.