Moshi ni gesi ambayo haijawaka: jiko linalowashwa kwa juu

Mchimbaji wa Misisi au Lubichako anatoka mu shimo na vumbi ya mawe mu kifua. Jioni anaingia mu hema ya shitingi, pahali chakula kinapikwa kwa mafiga matatu, na anavuta tena moshi. Ku Baraka na mu vijiji vya Ubwari, bibi na watoto wake wanavuta ule ule. Lakini kuna jiko linalotumia kuni na kutoa moshi kidogo sana. Siri yake ni moja: linawashwa kwa juu, siyo kwa chini.

Fanya jaribio hili na mshumaa. Uzime, utaona uzi wa moshi mweupe unapanda. Sogeza kiberiti mu ule moshi, juu kidogo ya utambi: moto unaruka na mshumaa unawaka tena. Maana yake, moshi ule ulikuwa chakula cha moto.

Kuni ni vile vile. Ikipata joto kali inatoa gesi, na ile gesi njo inawaka na kufanya ulimi wa moto. Ku mafiga, gesi mingi inakimbia mbele ya kukutana na moto na hewa ya kutosha. Inapoa, inageuka moshi, inaacha masizi ku sufuria na kikohozi ku mtoto.

Mu jiko la gesi, vipande vya kuni vinajazwa mu mkebe na kuwashwa juu. Moto unashuka polepole, gesi inapanda. Hewa kidogo inaingia kwa chini ili kuni iendelee kutoa gesi. Hewa ingine, iliyopata joto kati ya kuta mbili za jiko, inaingia kwa vitundu vya juu na kukutana na gesi. Hapo, juu ya kuni, gesi inawaka karibu yote. Ya kupotea ni kidogo.

Fundi wa bati anaweza kulitengeneza. Mkebe wa maziwa ya unga wa kilo 2 na nusu unatobolewa chini kwa msumari, kisha duara la vitundu karibu na mdomo. Vya juu viwe vikubwa zaidi, kwa sababu kuunguza gesi kunataka hewa mingi. Mkebe huo unaninginia ndani ya mkebe mkubwa zaidi, uliotobolewa chini. Juu kunawekwa kifuniko chenye tundu katikati, na vyuma vitatu vya kuinua sufuria. Usitumie bati ya nyumba: zinki yake ikiungua inatoa moshi wa sumu.

Kuni iwe kavu kabisa, vipande vya unene wa kidole, vifupi. Jaza mpaka chini kidogo ya vitundu vya juu, weka vijiti vyembamba na matone ya mafuta ya taa, washa. Ukiona moshi, angalia mambo matatu: kuni mbichi, upepo, ao kuni imefunika vitundu. Usiongeze kuni moto ukiwaka. Vipande vipya vitatoa moshi. Hapo njo ubaya wake: mzigo mmoja unawaka karibu saa moja. Ugali na ndagala vitaiva, lakini maharagi yanataka mkebe wa pili uliojazwa tayari.

Moto wa gesi ukiisha, makala yanabaki ndani. Yamwage inje, uyafunike na udongo, yatatumika ku mbabula. Usiyaache yakiwaka mu hema imefungwa. Yanatoa gesi isiyo na harufu, ile yenye kuua wachimbaji mu shimo pahali mota ya pompi inafanya kazi. Moshi kuwa kidogo haina maana kwamba hatari imeisha.

Njia hii si mpya. Mu kambi za wakimbizi za Adjumani, Uganda, Mnorwe Paal Wendelbo alifundisha jiko lake Peko Pe, jina la Kiacholi lenye maana «hakuna shida». Ku Gisenyi, ngambo ya Goma, kampuni ya Inyenyeri ilitoa majiko yenye feni ndogo, na jamaa zikanunua peleti, yaani vidonge vya unga wa mbao uliokandamizwa. Hata wakimbizi Wakongomani wa kambi ya Kigeme waliyatumia. Majiko yalikuwa mazuri, lakini yalitegemea peleti za kiwanda, na kampuni ilifunga mu mwaka wa 2020.

Kwa Fizi somo ni wazi: jiko lifuate kuni iliyo karibu. Mabaki ya maseremala wa Baraka, yakikatwa kidogo na kukaushwa ku jua, yanatosha kuanza.