Nyaraka Zilizokwama Basel

Mwishoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya kemikali na dawa ya Ciba-Geigy, yenye makao makuu Basel, Uswisi, ilimwita Edgar Schein, profesa wa chuo cha MIT cha Marekani. Wakuu wake walitaka mameneja wawe wabunifu zaidi. Schein akawa anaandika nyaraka kuhusu ubunifu aliouona katika baadhi ya idara, kisha anamkabidhi mwenyeji wake azisambaze kwingine. Baadaye aligundua kwamba hazikuwa zikisambazwa.

Mtu angedhani mwenyeji ni mzembe, au wakuu hawakumaanisha walichosema. Sivyo. Pale, meneja akishapewa kazi, kazi hiyo ni himaya yake, na inaaminika anaijua yote. Kumpelekea maarifa asiyoyaomba ni kama kuingia nyumbani kwake bila hodi: unamwambia hajui kazi yake. Mwenyeji alikuwa akiwastahi wenzake.

Schein, ambaye kitabu chake cha mwaka 1985 kiliueneza mtazamo huu, aliuona utamaduni wa taasisi katika matabaka matatu. La juu ni yanayoonekana: huko Basel, milango iliyofungwa na watu kutajana kwa vyeo. La pili ni maadili yanayotangazwa, yaani ule wito wa ubunifu. La chini ni dhana ambazo hakuna anayezitamka, kwa sababu hakuna anayezitilia shaka. Matabaka mawili ya chini yakigongana, dhana ndiyo hushinda, na ndiyo maana nyaraka zilikwama bila mtu yeyote kuzipinga.

Kwa hiyo meneja mgeni asiishie kutazama milango. Mlango uliofungwa waweza kuwa kiburi, waweza kuwa heshima. Na asitegemee dodoso, maana watu hujaza yale yaliyobandikwa ukutani. Achague kauli moja ya taasisi na jambo moja la kila siku linaloipinga, kisha awaketishe pamoja wakongwe wachache na walioajiriwa karibuni. Awaulize, bila kulaumu: “Tunasema tunashirikiana, mbona ripoti ya idara hii haifiki ile?” Aliyeajiriwa karibuni bado anashangaa, hivyo ataeleza anachokiona. Mkongwe atatoa sababu, na sababu ya kwanza mara nyingi si yenyewe: muda hautoshi, mfumo mbovu. Aendelee kuuliza. Siku wakongwe watakapomshangaa yeye kwa kuuliza jambo “linalojulikana”, amefika penyewe.

Akishafika, asikimbilie kuibomoa dhana hiyo. Apitie ndani yake kwanza. Mahali kama Basel, asiamuru nyaraka zisambazwe. Awaombe wakuu wa idara waseme wenyewe wanataka kujua nini kutoka kwa wenzao, maana kilichoombwa hakimvunjii mtu heshima. Meneja anayeanza kwa kutoa amri kabla ya kuuliza maswali hayo atapata utii wa mdomoni tu, na kazi itaendelea kama zamani.