Udongo mweusi pichani si lazima uwe na rutuba

MKULIMA mmoja wa Shinyanga aliyekodi ekari mbili bondeni alimtumia bwana shamba picha ya udongo kiganjani, akiuliza kama anunue mbegu ya karanga. Udongo ulikuwa mweusi tii, na kwa hesabu yake weusi ndiyo rutuba.

Bwana shamba hakuitazama rangi sana. Udongo ukilowa huonekana mweusi zaidi, na kamera nazo hubadili rangi. Alichokiona ni bonge lenye kingo kali, linalong'aa pale lilipokatwa na jembe, na vijiwe vyeupe vya chokaa. Hizo ni dalili za udongo wa mbuga, ambao weusi wake hautokani na mboji nyingi. Udongo wenye mboji huwa umemung'unyuka kama makombo ya mkate, tena na vijizizi ndani yake.

Kwa kuwa picha haishikiki, alimwagiza afanye majaribio mawili. Kwanza, aloweshe konzi moja, aikande kama unga wa chapati, kisha aisukume kwa kidole gumba juu ya kidole cha shahada itoke kama utepe. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5, mfinyanzi ni kidogo. Ukipita sentimita 5, ni mfinyanzi mtupu. Wa kwake ulifika 7.

Pili, ajaze udongo theluthi ya chupa isiyo na rangi, aongeze maji na chembe za sabuni ya unga, atikise sana na kuiacha. Mchanga hutuama ndani ya dakika moja hivi, tope laini baada ya saa kadhaa, na mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Kati ya sentimita 10 zilizotuama, mchanga ulikuwa 3, tope laini 2 na mfinyanzi 5, yaani nusu.

Hapo karanga zikaondoka. Ua la karanga hushusha kikonyo kinachopaswa kupenya ardhini, na mbuga ikikauka huwa kama saruji. Hata zikizaa, nyingi hubaki chini wakati wa kung'oa. Mahindi nayo hufa maji yakituama. Bonde lile linafaa mpunga kwenye majaruba, kisha dengu hupandwa baada ya mvua kwa unyevu uliobaki. Karanga zihamie juu kwenye luseni, udongo wa kichanga.

Kuhusu rutuba yenyewe, hakuna picha wala chupa inayoonyesha naitrojeni au fosforasi, na hapo ndipo wengi hupoteza fedha za mbolea. Achimbe sentimita 20 katika sehemu kama 15 za shamba, akiepuka kichuguu na palipolala ng'ombe, achanganye kwenye ndoo safi isiyowahi kubeba mbolea, na apeleke maabara nusu kilo tu ya mchanganyiko huo.