Je, urefu wa video huleta watazamaji?

Tuchukue mfano wa chaneli ya mapishi yenye video 80. Mwenyewe ameona kwamba video zake ndefu hutazamwa zaidi, na sasa anataka kurefusha kila anachorekodi. Akilinganisha urefu peke yake na idadi ya kutazamwa, hesabu inamuunga mkono: kila dakika moja zaidi inaendana na ongezeko la asilimia 5 hivi.

Tatizo ni kwamba video zake ndefu karibu zote ni za pilau. Za pilau huchukua dakika 18, za mboga dakika 8. Je, watu wanafuata urefu au wanafuata pilau? Regresheni ya vigezo vingi hujibu swali hilo kwa kupima urefu, herufi za kichwa na mada kwa pamoja, kila kimoja kikipimwa huku vingine vikishikiliwa palepale.

Kwanza anaandaa jedwali, kila video na mstari wake. Idadi ya kutazamwa aichukue ya siku 28 za mwanzo kwa kila video, la sivyo video ya zamani itaonekana bora kwa sababu tu imekaa muda mrefu. Kisha idadi hiyo anaigeuza kuwa logi, ili video moja iliyosambaa kupita kiasi isiyavute matokeo yote upande wake. Katika programu ya R, amri ni moja:

```
lm(log(kutazamwa) ~ dakika + herufi + mada, data = video)
```

Mada ni maneno, si namba, kwa hiyo R huichukua moja, hapa mboga, kuwa msingi wa kulinganishia zile nyingine.

Tuseme majibu yanatoka hivi. Pilau inapata 0.69, na kwa kuwa tulitumia logi, maana yake ni kutazamwa karibu mara mbili ya video ya mboga yenye urefu na kichwa sawa. Dakika inapata −0.02, yaani pungufu la asilimia 2, lakini kadirio lenyewe linaweza kuwa popote kati ya −5 na +1. Herufi za kichwa nazo ziko karibu na sifuri. Ile asilimia 5 ya mwanzo ilikuwa ya pilau, wala si ya dakika.

Hesabu hii ina mpaka wake. Kama hakuna hata video moja fupi ya pilau wala ndefu ya mboga, haiwezi kuvitenganisha viwili hivyo. Dalili yake ni kadirio la dakika kutawanyika mno. Tena, inaonyesha vinavyoendana, haithibitishi kisababishi. Kwa hiyo kabla ya kurefusha chochote, mwenye chaneli arekodi pilau kadhaa za dakika 8, aziweke kwenye jedwali, apige hesabu upya.