Kilele kimesogea kushoto

Kimbunga Kenneth kilitua pwani ya Cabo Delgado, kaskazini ya Pemba, jioni ya tarehe 25 Aprili 2019. (Pemba hii ni ya Msumbiji, ile ya karafuu ni nyingine.) Upepo ulipita, mvua ikabaki. Jumapili ya tarehe 28 maji yaliingia katika mitaa ya mji kama vile Natite, na nyumba zikaanguka. Watu huuliza iwapo ni mvua iliyozidi au ni mji uliokua. Jibu husomwa kwenye haidrografu, yaani mchoro unaoonyesha maji ya mto yalivyopanda na kushuka wakati wa mvua moja.

Mchoro wenyewe si mgumu. Saa hutembea kwenye mstari wa chini, kutoka kushoto kwenda kulia. Pembeni kuna wingi wa maji yanayopita sehemu moja, kwa mita za ujazo kwa sekunde. Mvua huchorwa kwa nguzo fupi, na mto kwa mstari unaopanda ghafla, unaofika kileleni, kisha unaoshuka taratibu. Tafuta katikati ya mvua, halafu pima hadi kwenye kilele. Nafasi hiyo ndiyo muda wa kuchelewa, na kwa mtu anayekaa bondeni ndiyo muda wa kubeba watoto na godoro.

Makorongo ya mjini hayana vipimo kama mito mikubwa, kwa hiyo nitatumia korongo la kubuni lenye tarakimu rahisi. Eneo linalolimwagia maji ni kilomita 2 za mraba, na mvua ni milimita 20 kwa saa moja. Hizo ni mita za ujazo 40,000 zilizoshuka kutoka mawinguni.

Kwanza, tuseme ni msitu. Majani makavu yanapokea matone, mashimo ya mizizi yanayameza, na robo tu, yaani mita za ujazo 10,000, inafika korongoni haraka. Inapita kwa muda wa saa tano, na kilele kinakuja saa moja na nusu baada ya katikati ya mvua. Ukiuchukulia mchoro kama pembetatu, maji yote ni nusu ya kilele mara muda wote wa kupita. Kilele basi ni kama mita za ujazo 1.1 kwa sekunde.

Sasa weka mabati, ua uliokanyagwa ukawa mgumu kama sakafu, na barabara inayogeuka mfereji. Asilimia 70 ya mvua ileile inateremka, nayo ni mita za ujazo 28,000. Lakini haina tena saa tano. Inamalizika kwa saa mbili, na kilele kinafika mvua inapokatika tu, nusu saa baada ya katikati yake. Kilele kinakuwa karibu mita za ujazo 7.8 kwa sekunde.

Hapa ndipo wengi wanapopitwa. Maji hayakufika hata mara tatu ya yale ya mwanzo, ila kilele kimekuwa mara saba, kwa sababu maji mengi zaidi yamebanwa ndani ya muda mfupi. Kalavati lililojengwa kwa kilele cha zamani halina makosa ya saruji. Lilijengewa korongo jingine.

Kukata miti kwa mashamba na mkaa husogeza mstari upande uleule, kwa upole zaidi, maana udongo uliolimwa bado hunywa maji mpaka uso wake ugande. Dalili yake nyingine ni mchanga. Mmomonyoko ukijaza kitako cha mto, maji yaleyale husimama juu zaidi kwenye ubao wa kupimia kina. Asiyepima upya sehemu hiyo atasoma mafuriko makubwa kuliko yaliyopita kweli, na haidrografu yake itamdanganya kwa unyoofu kabisa.

Tofauti hii ya msitu na mji huonekana vizuri katika mvua ndogo na za kati. Mvua za siku kadhaa, kama zile za Kenneth, hujaza udongo hadi nao unakuwa kama bati, na msitu haungezuia mafuriko ya namna hiyo. Katika mto mrefu kama Messalo, tena, maji ya mbali huchukua muda mrefu kufika pwani, na paa za mji mmoja hazionekani kwenye mstari wake. Kwenye korongo fupi la mjini zinaonekana. Ukitaka kujua kama mtaa wako umebadilika, usianze na Kenneth. Chukua mvua ya kawaida ya saa moja, andika ilipoanza na ilipokatika, kisha andika maji yalipofika juu kabisa korongoni. Fanya hivyo msimu hadi msimu, uone nafasi ile inavyopungua.