Kwa Nini Shilingi ya Kenya Haikutii Riba

Desemba 2023, Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake kwa mkupuo, kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5. Shughuli ya riba kubwa ni kuwavuta watu waweke fedha zao kwenye shilingi badala ya dola. Lakini Januari dola ikazidi kupanda, hadi ikavuka shilingi 160.

Wenye fedha waliogopa jambo jingine. Kenya ilikuwa na deni la dola bilioni 2 la kulipwa Juni 2024. Riba nono haimsaidii mtu anayehofia kwamba mdaiwa atashindwa kulipa.

Februari mambo yakageuka. Tarehe 6 riba ikafika asilimia 13. Siku chache baadaye serikali ikakopa dola bilioni 1.5 nje na kuanza kulipa deni lile, huku ikiuza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu, riba asilimia 18.46, isiyokatwa kodi. Iliomba shilingi bilioni 70. Maombi yakapita bilioni 280. Wageni waliotaka kununua ilibidi kwanza wauze dola wapate shilingi, na dola zikajaa sokoni. Machi ilipokwisha, dola moja ilikuwa shilingi 130 na ushei. Kwa maoni yangu, riba ilifungua mlango, ila kilichowaingiza watu ni kuondoka kwa hofu ya Juni.

Aliyeumia kimyakimya ni mwenye hatifungani ya zamani. Tuseme alinunua karatasi ya shilingi 100 inayolipa 12 kwa mwaka, imebakiza miaka kumi, na sasa soko linadai asilimia 15. Hakuna atakayempa 100. Mnunuzi atatoa takriban 85, ili ile 12 ya kila mwaka na faida atakayopata akilipwa 100 mwishoni zimfikishe kwenye asilimia 15. Akiishikilia hadi mwisho atalipwa 100 yake yote. Hasara humpata anayelazimika kuuza mapema, kama vile benki yenye wateja wanaotaka fedha zao.

Hisa nazo huumia kwa njia hiyohiyo. Serikali ikikulipa asilimia 18 bila kodi, kwa nini uhangaike na kampuni inayotoa gawio la asilimia 7? Utainunua ikishuka bei tu. Juu ya hapo, kampuni yenye mikopo hulipa riba zaidi na faida yake hupungua. Lakini mgeni asiyehofia tena kushuka kwa shilingi huweza kurudi pia kwenye hisa, na 2024 Soko la Hisa la Nairobi lilipanda ingawa riba ilikuwa juu.

Agosti 2024 Benki Kuu ikashusha hadi 12.75, na ikaendelea kushusha. Aliyenunua ile ya asilimia 18.46 sasa alishika karatasi ambayo wengine walikuwa tayari kuilipia zaidi ya 100.